Sikukuu Zinazohama Hazitupotezei Mapumziko, Zinazotupotezea ni Zile Zilizotulia

Kalenda ya 2026 imezua mjadala hapa Dodoma tangu ilipotundikwa ukutani. Muungano, tarehe 26 Aprili, umeangukia Jumapili. Nane Nane imeangukia Jumamosi, na tarehe 26 Desemba, siku inayofuata Krismasi, nayo ni Jumamosi. Katika ofisi za Mtumba na kwenye daladala za jioni yanasikika maneno yaleyale: mwaka huu tumeibiwa sikukuu, na serikali isipotangaza Jumatatu tarehe 27 Aprili kuwa mapumziko, itakuwa imetunyima haki. Wengine wanaongeza kwamba shida yote ni Idd na Pasaka kutotulia, na kwamba kila sikukuu ingepewa tarehe moja ya kudumu, hesabu zingekuwa rahisi na kila mtu angepata chake.

Kwa maoni yangu mambo yako kinyume chake. Mapumziko ya Watanzania yanapotea mara nyingi zaidi kwenye sikukuu zenye tarehe ya kudumu kuliko kwenye zile zinazohama. Wala hakuna aliyeyaiba. Yanapotea kwa sababu kwa utaratibu tuliouzoea Bara, sikukuu ikikutana na mwisho wa wiki, Jumatatu inabaki siku ya kazi mpaka Rais aseme vinginevyo. Tunachokosa ni kanuni iliyoandikwa, inayojulikana mapema. Kanuni hiyo inaweza kuwa fupi, na gharama yake ni ndogo kuliko wengi wanavyohofia.

Tuanze na namna tarehe zenyewe zinavyopatikana. Sikukuu zetu 11 zimefungwa kwenye tarehe: Mwaka Mpya, Mapinduzi, Karume, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, siku ya Nyerere, Uhuru, Krismasi na siku inayoifuata. Nyingi kati ya hizo haziwezi kusogezwa bila kupoteza maana. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Lakini mwaka wa siku 365 una wiki 52 na siku moja ya ziada. Kwa hiyo tarehe ileile husogea siku moja ya wiki kila mwaka, na siku mbili pale tarehe 29 Februari inapopita katikati. Ndiyo maana Muungano uliangukia Jumapili mwaka 2009, ukarudi Jumapili 2015, kisha 2020, sasa 2026, na utarudi tena 2037. Ni mwendo wa miaka 6, 5, 6, halafu 11, na hauna jambo la bahati mbaya ndani yake.

Hesabu hiyo inatuonyesha kitu kingine. Katika siku saba za wiki, mbili ni za mwisho wa wiki, kwa hiyo kila tarehe ya kudumu huangukia Jumamosi au Jumapili takriban mara mbili katika kila miaka saba. Kwa sikukuu 11, wastani ni kama tatu kila mwaka. Mwaka 2026 tumepoteza tatu. Mwaka huu tunaoulalamikia ni wa kawaida kabisa. Mwaka ujao utakuwa mkali zaidi: Mei Mosi itakuwa Jumamosi, Nane Nane Jumapili, Krismasi Jumamosi, na siku inayoifuata Jumapili. Hata ndani ya hasara hii kuna mpangilio. Kati ya Muungano na Mei Mosi kuna siku tano, kwa hiyo Muungano ukiwa Jumapili, Mei Mosi lazima iwe Ijumaa, na ukiwa Jumamosi, Mei Mosi ni Alhamisi. Sikukuu hizo mbili haziwezi kupotea pamoja katika mwaka mmoja. Krismasi na mwenzake hazina kinga hiyo. Krismasi ikiwa Jumamosi, zote mbili zinazama, kama ilivyotokea 2021.

Sasa tuitazame Pasaka, ambayo wengi huiona kama mfano wa sikukuu isiyotabirika. Kanuni yake ni ya kale, na mjadala wake ulifika Mtaguso wa Nikea mwaka 325: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi huo ni wa majedwali ya Kanisa. Hakuna anayesubiri kuuona angani, kwa hiyo tarehe inaweza kuhesabiwa miaka mia mbele. Mwaka huu mwezi mpevu wa majedwali ni Alhamisi tarehe 2 Aprili, hivyo Pasaka ni Jumapili tarehe 5. Inaweza kuwa mapema kama tarehe 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Lakini angalia kinachohama na kisichohama. Tarehe inahama, siku ya wiki imekaa palepale. Ijumaa Kuu ni Ijumaa kila mwaka na Jumatatu ya Pasaka ni Jumatatu kila mwaka, kwa hiyo mfanyakazi wa ofisini anapata siku mbili za kazi za kupumzika bila kukosa. Sikukuu inayohama kuliko zote kwa macho ya watu ndiyo ambayo siku zake hizo mbili za mapumziko hazijawahi kuangukia mwisho wa wiki.

Idd ina namna yake. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila sikukuu yake hurudi nyuma kama siku 11 katika kalenda ya ukutani, na baada ya miaka kama 33 inakuwa imezunguka misimu yote. Hapa kuna dhana ya kurekebisha. Watu husema sikukuu za Kiislamu hazijulikani mpaka usiku wa mwisho. Hilo ni kweli kwa Idd el Fitri peke yake, kwa sababu ni tarehe mosi ya Shawwal, na mwezi hutafutwa jioni ya tarehe 29 Ramadhani kabla ya Mufti, kupitia BAKWATA, kutangaza. Idd el Hajj ni tarehe 10 ya Dhul-Hijja. Mwezi ukishaandama, tunajua siku tisa kabla. Maulidi ni tarehe 12 ya Rabi ul-Awwal, nayo inajulikana zaidi ya wiki moja mbele. Kati ya sikukuu tatu za Kiislamu, ni moja tu inayowaweka waajiri na makarani wa mishahara roho juu.

Ila hiyo moja mwaka huu ina somo kubwa. Idd el Fitri tunapewa siku mbili, na inatarajiwa kuanza ama Ijumaa tarehe 20 Machi au Jumamosi tarehe 21. Mwezi ukionekana jioni ya Alhamisi, Idd ni Ijumaa na Jumamosi, na mtumishi wa Mtumba anapata siku moja ya kazi ya kukaa na familia. Usipoonekana, Idd ni Jumamosi na Jumapili, na hapati hata moja. Mawingu ya jioni moja yanaamua kama Muislamu aliyeajiriwa atakuwa na nafasi ya kwenda kwao Kondoa na kurudi bila kuomba ruhusa. Ukiweka hilo kando ya Pasaka, ambayo inatoa siku zake mbili za kazi kila mwaka, unaona kwamba kukosa kanuni ya siku mbadala si kero ya kalenda pekee. Kunafanya uwiano wa mapumziko kati ya waumini wa dini mbili kubwa utegemee bahati, jambo ambalo hakuna Mtanzania aliyelipanga na ambalo linaweza kurekebishwa.

Majirani zetu walilishughulikia zamani. Sheria ya Kenya inasema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu inakuwa mapumziko. Mei Mosi ya 2022 ilikuwa Jumapili, mwaka ambao sherehe zetu za kitaifa zilifanyika hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Kwa Wakenya, Jumatatu ya tarehe 2 Mei ilikuwa tayari mapumziko kwa nguvu ya sheria, na mtu yeyote angeweza kuisoma kwenye kalenda miaka mingi kabla. Afrika Kusini ina sheria inayofanana, ya mwaka 1994, lakini imeandikwa kwa udhaifu mmoja: inasema Jumatatu inayofuata. Krismasi ya 2022 ilipoangukia Jumapili, Jumatatu ya tarehe 26 ilikuwa tayari sikukuu yao nyingine, na ikabidi Rais Ramaphosa atangaze Jumanne tarehe 27 kuwa mapumziko. Maneno machache ya Kenya, yale ya "ambayo si sikukuu", yangewaondolea kazi hiyo. Tukiandika kanuni yetu, tuchukue maneno ya Kenya.

Kwetu kilichopo ni tangazo. Rais anaweza kuitangaza siku yoyote kuwa mapumziko, kama ilivyofanyika kwa Sensa, Jumanne tarehe 23 Agosti 2022. Wanaotetea hali ilivyo wanasema hiyo inatosha: pakiwa na haja, itatangazwa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Uwezo wa kutangaza ulikusudiwa mambo yasiyotabirika au yanayotokea mara chache, kama msiba wa kitaifa, sensa au uchaguzi. Muungano kuangukia Jumapili mwaka 2026 si jambo lisilotabirika. Mtu yeyote aliyekuwa na kalenda mwaka 1964 angeweza kulihesabu. Jambo linalojulikana miaka 60 mbele likiachwa lisubiri tangazo la siku chache kabla, ndipo taarifa za uongo zinapopata nafasi. Barua yenye nembo ya kughushi inasambaa kwenye simu, mwalimu mkuu anaulizwa na wazazi kama shule imefungwa, na mwenye duka la jumla hajui aagize mzigo au asubiri. Kinachoumiza hapo ni kutojua. Mapumziko yenyewe yanavumilika.

Hoja nyingine husema kwamba kusogeza Muungano kwenda Jumatatu ni kudharau historia. Inastahili heshima, lakini inachanganya mambo mawili. Anayedai siku mbadala hadai gwaride lihamishwe. Sherehe zinabaki tarehe 26, hotuba zinabaki tarehe 26, na kinachohamia Jumatatu ni kufungwa kwa ofisi. Marekani walikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 1968 iliyoanza kutumika 1971, baadhi ya sikukuu zao zilifungwa kabisa kwenye Jumatatu, na tarehe zake za asili zikaachwa. Hilo kwetu nalipinga. Uhuru unaoadhimishwa Jumatatu ya pili ya Desemba si Uhuru ule tunaoujua.

Hoja nzito ni ile ya wasio na ajira za mshahara. Mama anayeuza nyanya soko la Majengo hapewi mapumziko na sheria yoyote. Mkulima wa Bahi au Kongwa aliyepanda basi asubuhi kufuata hati ya kiwanja mjini, akikuta mlango umefungwa, amepoteza nauli na siku ya shamba. Kwake kila Jumatatu ya ziada ni gharama anayolipa ili mwingine apumzike. Sina jibu linaloiondoa hoja hii yote. Ninachoweza kusema ni kwamba mkulima huyo huumizwa zaidi na Jumatatu iliyotangazwa Ijumaa jioni kuliko Jumatatu iliyoandikwa kwenye kalenda tangu Januari, na kwamba idadi ya siku zenyewe inapaswa kubanwa.

Ndiyo maana napendekeza kanuni ya Jumapili tu, pasipo Jumamosi. Najua katika mji huu wa watumishi wa umma, wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, pendekezo hilo halitapendwa, kwa sababu Nane Nane ya mwaka huu itabaki imepotea kwao. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu wiki ya siku sita na saa 45. Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha mvinyo, wa karakana au wa duka la vifaa vya ujenzi, Jumamosi ni siku ya kazi, na sikukuu ikiiangukia anapumzika kweli. Kumpa na Jumatatu ni kumpa mara mbili. Jumapili ndiyo siku ambayo wengi zaidi walikuwa wanapumzika hata bila sikukuu. Kwa tarehe zetu 11 za kudumu, kanuni ya Jumapili ingeongeza wastani wa siku moja na nusu hivi kwa mwaka. Mwaka 2026 ingekuwa moja tu katika hizo, Jumatatu ya tarehe 27 Aprili.

Na kanuni hiyohiyo ikihusisha Idd, inaondoa ile bahati nasibu ya mwezi. Rudi kwenye Machi. Idd ikiwa Ijumaa na Jumamosi, mtumishi anapumzika Ijumaa. Ikiwa Jumamosi na Jumapili, ile ya Jumapili inahamia Jumatatu tarehe 23, naye anapumzika Jumatatu. Mwezi uonekane usionekane, amepata siku moja ya kazi. Ikitokea mwaka mwingine Idd ikaanza Jumapili, siku ya pili ni Jumatatu, na mbadala wa Jumapili unaenda Jumanne. Tangazo la Mufti linabaki na uzito wake wote, ila halibebi tena mzigo wa kuamua nani apumzike.

Kuna suala la malipo ambalo waandishi wa sheria wasiliruke. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo ya ajira kinataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Chukua mlinzi wa nyumba ya wageni mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi na wiki ya saa 45. Ukigawa kwa 4.333 unapata mshahara wa wiki, ukigawa tena kwa 45 unapata kama shilingi 2,000 kwa saa. Zamu ya saa nane siku ya kawaida ni 16,000, na siku ya Muungano ni 32,000. Kama mapumziko yake ya wiki ni Jumatano, Muungano kuwa Jumapili haukumpotezea kitu, amelipwa. Lakini mwenzake anayepumzika Jumapili, akiitwa kazini siku hiyo, alikuwa tayari na haki ya mara mbili kwa sababu ya pumziko la wiki. Vifungu vyote viwili vinasema mara mbili, hakuna kinachosema mara nne. Huyu amepoteza pumziko, na sikukuu haikumwongezea shilingi. Jumatatu ikiwa sikukuu mbadala, je, malipo ya mara mbili yafuate Jumapili, Jumatatu au zote? Ningechagua zote. Kwa mwajiri wa zamu za mfululizo, ongezeko ni shilingi 16,000 kwa mlinzi huyo kwa siku ambayo haizidi moja au mbili katika mwaka. Kuanza kuchagua kunaleta ubishi wa kila mwezi kwenye ofisi za utumishi. Atakayeandika kanuni aseme wazi, asiwaachie makarani wa mishahara.

Na asisahau kwamba mwisho wa wiki si mahali pekee sikukuu inapopotelea. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili, siku ileile ya Karume. Sikukuu mbili zikakaa katika siku moja ya kazi, na watu wachache waligundua, kwa kuwa hakukuwa na Jumapili ya kulaumu. Mwaka 2038 Pasaka itakuwa tarehe 25 Aprili, ya mwisho kabisa inayowezekana, na Jumatatu ya Pasaka itakaa juu ya Muungano. Likizo nayo ina jambo lake: siku 28 za likizo ya mwaka zinahesabiwa pamoja na sikukuu zilizomo ndani, kwa hiyo anayekwenda likizo Aprili haongezewi siku kwa ajili ya Pasaka wala Muungano. Kanuni ya Jumapili haitagusa hilo, na sidhani kama inapaswa kuligusa.

Kwa wanaoona wazo la siku mbadala ni geni katika sheria zetu, waangalie Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kifungu cha 60 kinasema muda wa kufanya jambo ukiishia siku ya Jumapili au sikukuu, jambo hilo linaweza kufanywa siku ya kazi inayofuata. Wakili ambaye siku yake ya mwisho ya kuwasilisha rufaa imeangukia tarehe 26 Aprili hahitaji kusubiri tangazo. Sheria imeshamsogezea, naye anajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Bunge la Bajeti hukaa hapa Dodoma kuanzia Aprili. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35, ni fupi, na nyongeza ninayoizungumzia haizidi aya moja. Ikipitishwa mwaka huu haitauokoa Muungano wa 2026, kwa sababu tarehe 27 Aprili itakuwa imeshapita. Itaikuta Nane Nane ya 2027, itakapokuwa Jumapili: mabanda ya Nzuguni yatakuwa wazi tarehe 8 kama kawaida, na ofisi zitafungwa Jumatatu tarehe 9. Desemba ya mwaka huohuo Krismasi itakuwa Jumamosi na haitarudishwa, lakini siku inayoifuata itahamia Jumatatu tarehe 27, na anayesafiri kwenda Singida au Kigoma ataweza kukata tiketi ya kurudi miezi kadhaa kabla.